Maneno ya bibi niliyoyazima kwa mkono wangu

"Naombeni msaada. Nina video za mazishi ya baba mkubwa, jumla ya saa 5, kutoka kamera moja na simu mbili. Ukoo unataka kumbukumbu ya nusu saa ya kuonyesha siku ya arobaini. Sauti ina upepo na vilio, kwa hiyo nataka kuizima yote niweke wimbo wa maombolezo. Wimbo upi unafaa, nitumie programu gani, na je, uso wa marehemu kwenye jeneza niuonyeshe?"

Usiizime. Acha kwanza habari ya programu, chomeka diski ya nje, nakili kila faili kama lilivyotoka kwenye kamera na kwenye simu, ndipo urudi uendelee kusoma, kwa sababu hilo unalotaka kulifanya nimekwisha kulifanya mimi, tena kwa kujiamini kabisa, na hadi leo sijapata namna ya kulirekebisha.

Yalikuwa mazishi ya mwalimu mstaafu, upande wa Kilimanjaro, ambako mtu huzikwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, karibu na migomba. Ibada ilikuwa ya Kilutheri. Mchungaji alipomaliza maneno ya mavumbini na kudondosha udongo juu ya jeneza, mama mzazi wa marehemu, bibi aliyekwisha kupita miaka tisini, aliletwa kando ya kaburi akiwa ameshikwa na wajukuu wawili, akamsemesha mwanawe kwa Kichagga kwa muda wa dakika 2 hivi. Mimi ni mtu wa Tanga na sikuelewa hata neno moja. Upepo ulikuwa ukipiga maikrofoni ya kamera, mama mmoja alikuwa akilia nyuma yangu, na mimi, badala ya kujiuliza bibi anasema nini, nikawa nimeshapanga kichwani kwamba hapo ndipo patakapokaa kinanda.

Nilipofika mezani nikazima sauti, nikalaza kinanda cha huzuni, nikapunguza mwendo wa picha hadi asilimia 40. Kamera ilikuwa imerekodi fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo picha haikulainika bali iliruka-ruka, na bibi wa watu akaonekana anafungua na kufumba kinywa kama perege aliyetolewa bwawani. Nililiona hilo, nikajiambia ni ufundi. Nikatoa nakala, nikaikabidhi kwa flashi, na kwa kuwa Jumamosi nilikuwa na harusi, nikasafisha kadi zote mbili.

Miezi mitatu baadaye bibi naye akafariki. Watoto wa mwalimu walinipigia simu kwa adabu kubwa, jambo lililoniumiza kuliko kama wangenitukana, wakaniomba lile faili lenye maneno ya bibi, kwa maana alikuwa amemuaga mwanawe kwa jina la utotoni ambalo wajukuu hawakuwahi kulisikia. Sikuwa nalo. Kilichopatikana ni sekunde 19 kwenye simu ya kijana wa jirani, aliyekuwa amesimama mbali, na nusu yake ni kikohozi.

Aliyenitia ujinga huo ni fundi mmoja mwenye studio ya harusi, ambaye sitamtaja ingawa mdomo unaniwasha. Aliniambia kwamba watu hawataki kurudia kusikia vilio, kwamba video ya msiba bila wimbo ni kama wali bila chumvi, na kwamba kadi ni za kufanyia kazi, si za kutunzia makumbusho. Mtu huyo hajawahi kukaa sebuleni na wafiwa wakati video inaonyeshwa. Mimi nimekaa, na nakuhakikishia kwamba hakuna anayesifia wimbo. Wanachosema ni "sikiliza, huyo ni shangazi," halafu wanaomba irudishwe nyuma. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwimbaji maarufu wa injili, nikauweka bila ruhusa kwenye sehemu ya shada za maua, na familia ilipoipandisha video mtandaoni ili ndugu walio ughaibuni waione, mwenye haki akaitambua kazi yake na matangazo yakaanza kuwekwa. Ndugu hao walimlilia mwalimu baada ya kutazama tangazo la kubashiri mpira.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hariri kwa masikio kwanza, picha ifuate. Chukua rekodi ndefu isiyokatika, kwa kawaida ile ya kamera, uilaze kama msingi, kisha uzipange sauti za simu sambamba nayo kwa kutumia mlio mmoja unaosikika kote, kama kengele au mwanzo wa pambio. Ukiona midomo inalingana mwanzoni lakini baada ya dakika 20 inachelewa, ujue simu imekuwa ikibadilisha idadi ya fremu. Igeuze faili yake kwa programu ya HandBrake, ukichagua Constant Framerate na idadi ileile ya fremu iliyotumiwa na kamera, halafu uipange upya. Baada ya hapo vaa hedifoni, geuza kioo pembeni, usikilize saa zote 5 huku ukiandika dakika ambayo kila mtu alizungumza: msoma wasifu, mchungaji, mjane, kwaya, na yeyote aliyetamka jambo kwa lugha ya nyumbani.

Upepo si sababu ya kuzima. Mngurumo wake mwingi ni wa sauti nzito za chini, kwa hiyo kichujio cha High-Pass Filter kikiwekwa kati ya hezi 80 na 100 huuondoa kwa kiasi kikubwa bila kuigusa sana sauti ya msemaji. Ukitumia Noise Reduction, usizidishe desibeli 6, kwa maana ukiibana zaidi kwaya huanza kusikika kama inaimba ndani ya ndoo ya maji. Mahali ambapo upepo umepiga kwa nguvu hadi sauti imepasuka, hakuna kichujio kitakachokusaidia. Chukua sauti ya simu iliyokuwa upande mwingine wa kaburi, hata kama ni hafifu, uiweke chini ya picha ya kamera. Vilio navyo vipunguze tu pale vinapomfunika msemaji, na kila unapokata maneno, ziba pengo kwa sekunde chache za sauti ya mahali penyewe, yaani ndege, majani ya migomba na watu wanaojikohoza, la sivyo sikio litalisikia shimo.

Wimbo unao tayari. Kwaya iliyoimba wakati wa kuaga ndiyo itakayoibeba sehemu hiyo yote: iache iendelee bila kukatwa, picha ikitazama migongo na mikono ya watu wanaopita kwenye mstari, kisha iteremke taratibu chini ya sauti ya makoleo na kuishia hapo.

Na kama kaburini kuna mtu aliyezungumza kwa lugha ambayo huielewi vizuri, mtafute mzee wa ukoo akae nawe jioni moja akutafsirie neno kwa neno, kabla hujaamua ni kipi cha kukata. Nenda nalo hilo faili kwake wiki hii hii. Arobaini ikishakaribia, kila mtu atakuwa kwenye shughuli za maturubai na sufuria.