"K" haijawahi kuwa "nimekubali"

Swali: Mwalimu, nimeombwa nitafsiri kwa Kiswahili skrinshoti ya mazungumzo ya WhatsApp baina ya mpangaji na mwenye nyumba wake, ipelekwe barazani. Wameandika Kiingereza cha kukatakata, u, k, lol, pamoja na emoji. Niviache vilivyo, niviandike kwa kirefu, au nitafute vifupisho vya Kiswahili? Nimekuambatishia tafsiri ya ofisi moja ambayo mpangaji ameikataa. Na je, "skrinshoti" ni Kiswahili? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Tafsiri ya ofisi hiyo, ambayo kwa hisani sitaitaja, nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilinibidi niiweke chini kwanza ninywe maji. Mpangaji ana haki ya kuikataa. Mimi ningeikataa hata kama ningekuwa mwenye nyumba. Wasomaji wengine hawana picha mbele yao, basi nayanakili mazungumzo kama yalivyo, nikiongeza tu upande wa skrini ambako kila ujumbe umekaa:

```
Mzee Nyumba
19:02  kushoto  rent wen?
19:05  kulia    fri 🙏 salary delayed tbh
19:06  kushoto  u said dat last wk
19:06  kulia    lol
19:07  kushoto  if not fri u pack n go
19:31  kulia    | Mzee Nyumba: if not fri u pack n go |
                k
```

Ofisi yetu imeutafsiri ujumbe wa mwisho hivi: "Mpangaji: Nisipolipa Ijumaa nitafungasha vitu vyangu na kuondoka. Sawa, nimekubali." Mtu aliyeandika herufi moja ametoka ofisini humo akiwa na sentensi mbili, ahadi moja na sahihi isiyoonekana.

Kosa la kwanza ni la macho kabla halijawa la lugha. Katika WhatsApp, ujumbe wa mwenye simu hukaa kulia na wa mwenziwe hukaa kushoto, na mtu akijibu kwa kuunukuu ujumbe fulani, ujumbe ule hurudiwa ndani ya kisanduku kidogo juu ya jibu lake, ukiwa na jina la aliyeuandika. Maneno ya kisandukuni ni ya mwenye nyumba, ingawa kisanduku kimekaa kulia, ndani ya ujumbe wa mpangaji. Mfasiri aliyaona upande wa kulia, akadhani ni ya mpangaji, na kwa kuwa "ufungashe uende" halileti maana mtu akijisemea mwenyewe, akageuza nafsi ya pili kuwa nafsi ya kwanza ili sarufi ikae sawa. Hapo ndipo angepaswa kushtuka, kwa sababu tafsiri inapokulazimisha ubadilishe nafsi ya kitenzi, mara nyingi umeshampa mtu maneno yasiyo yake. Kisanduku kiandikwe hivi, bila aibu: "[akinukuu ujumbe wa Mzee Nyumba wa 19:07]", kisha lifuate jibu.

Wala usiliguse jina hilo la "Mzee Nyumba". Ndivyo mpangaji alivyomhifadhi mwenye nyumba katika simu yake, na angeweza kumhifadhi kama "Kero" au "Usipokee". Kuthibitisha kuwa Mzee Nyumba ni fulani bin fulani ni kazi ya shahidi na baraza, si kazi ya mfasiri, kwa hiyo jina liandikwe kama linavyosomeka juu ya skrini, na wa kulia aitwe "mwenye simu".

Sasa nije kwenye k, ambayo imenisumbua kwa miaka mingi, na ninaomba mniwie radhi nikikaa hapo kidogo. K ni kipande kilichobaki cha OK, na OK yenyewe ilianza kuchapishwa mwaka 1839 katika gazeti moja la Boston, kama mzaha wa kukosea tahajia kwa makusudi. K, basi, ni kifupisho cha kifupisho cha utani. Kutoka utani huo hadi "Sawa, nimekubali" ni safari ndefu, na wafasiri wetu huikata kwa hatua moja wakidhani wanamsaidia msomaji. Kila mahali ninakutana nayo: k inakuwa "nimekubali", k inakuwa "nimekuelewa vyema", na siku moja, Mungu ni shahidi yangu, niliiona imekuwa "hakuna shida yoyote, tuendelee kama tulivyoafikiana". Herufi moja! Hata mganga wa kienyeji hatoi maneno mengi hivyo kutoka kwenye unyoya mmoja wa kuku.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba Kiswahili hakina upungufu hapa. Sisi tunatenganisha vizuri kusikia na kukubali. "Nimekubali" ni neno la mkataba. "Sawa" huweza kuwa ridhaa na huweza kuwa kufunga mazungumzo tu, lakini likisomwa kwa sauti barazani husikika kama ridhaa. "Nimesikia" ni la mtu ambaye hajaamua. Kisha tuna "haya", neno dogo ambalo kila aliyewahi kuambiwa na mama yake, au na mke wake, anajua kwamba hakuna kilichokubaliwa wala kukataliwa, na kwamba yatakayofuata yatafuata. Mpangaji ametishiwa kufukuzwa, amekaa kimya dakika 24, kisha ameandika herufi moja, ndogo, bila hata nukta. Kama hiyo si "haya", sijui haya ni nini. Ningeitafsiri "haya", kwa herufi ndogo na bila nukta vilevile, na chini ya jedwali ningeweka maelezo ya mstari mmoja: "k ni kifupisho cha OK, huweza kuonyesha ridhaa, au kuonyesha tu kwamba ujumbe umeonekana." Mfasiri anaishia hapo, na baraza linaanzia hapo. Anayeamua mwenyewe maana ya k ameshatoa hukumu, tena kabla hata ya kulipa nauli ya kwenda barazani.

Ugonjwa uleule wa kunyoosha umeikumba mistari mingine, nami nitaipitia haraka. "Rent wen?" imekuwa "Ndugu, ningependa kufahamu ni lini utanilipa kodi ya pango." Mwenye nyumba hakusema "ndugu", wala hakupenda kufahamu, alidai. "Kodi lini?" inatosha, na ukali wake umo katika ufupi wake. "Lol" imetafsiriwa neno kwa neno, "Cheka kwa sauti kubwa", na kwa kuwa kitenzi hicho kwetu ni cha kuamrisha, mpangaji mwenye deni sasa anamwamuru mwenye nyumba acheke. Sisi tuna "teh teh", tuna "hahaha", na hapa "teh" moja kavu ndiyo inayofaa, maana hakuna aliyekuwa anacheka.

Kuhusu vifupisho, jibu langu huwaudhi vijana. Usivitafute kwa nguvu. Mtindo wa mtu hubebwa na maneno anayochagua na urefu wa sentensi zake, si na irabu alizodondosha, nawe ukianza kuandika "xaxa" na "cjui" ili tafsiri ionekane ya kijana, unamvika mpangaji vazi ambalo hakulivaa. (Isitoshe, "xaxa" ina herufi nne na "sasa" ina herufi nne, kwa hiyo sijui kinachofupishwa hapo ni nini.) Kifupisho kilicho hai kwetu na chenye uzito uleule kitumie, kisipokuwapo, andika neno zima la mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa asili itakuwa imekaa pembeni na kila mtu ataiona. U ndiyo rahisi kuliko zote. Mwingereza amekatakata neno lake mpaka likabaki u, nasi tulikuwa nayo tangu zamani, imekaa mwanzoni mwa kitenzi: ulisema. Ofisi ile, hata hivyo, imeandika "wewe ulisema", na kwa kuongeza "wewe" imemfanya mwenye nyumba anyooshe kidole ambacho hakukinyoosha.

Emoji, neno la Kijapani lenye maana ya picha na herufi, halina undugu na "emotion", neno la Kiingereza la hisia, ingawa watu huwaozesha, na emoji haitafsiriwi. Mikono ile 🙏 ofisi imeiandika "Mungu akipenda". Huenda mpangaji alikuwa anaomba subira, huenda alikuwa anashukuru, na huenda kweli alikuwa anamtaja Mungu, picha haisemi. Iache mahali pake katika mstari, kisha eleza kinachoonekana, si kinachokusudiwa: "[emoji: viganja viwili vilivyounganishwa]". Maelezo hayo yanahitajika kwa sababu karatasi itatolewa nakala nyeusi na nyeupe. Nakala hiyo itafuta rangi ya kijani ya ujumbe wa kulia, na tiki mbili za buluu, zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa, zitafanana na tiki mbili za kijivu, zinazoonyesha tu kwamba umefika. Kama tiki zinaonekana kwenye picha, andika rangi yake kwa maneno. Usiichape emoji upya kwa simu yako ukaibandika mahali pa picha ya asili, kwani kila kampuni huichora kwa namna yake: emoji ya bastola katika simu za Apple iligeuzwa kuwa bastola ya maji mwaka 2016, na kampuni nyingine zilichelewa kufuata, hivyo mtu aliweza kutuma mchezo ukapokewa kama tishio.

Saa nazo ziache. Nimeona 19:31 ikitafsiriwa "saa 1:31", bila hata neno "usiku", na mzee mmoja wa baraza akauliza kwa nini watu hawa wanadaiana asubuhi na mapema.

Kwa hiyo chora safu nne, yaani saa, msemaji, maneno ya asili na tafsiri. Nikiiacha safu ya maneno ya asili, jedwali lingesomeka hivi:

```
19:02  Mzee Nyumba  kodi lini?
19:05  Mwenye simu  ijumaa 🙏 mshahara umechelewa kusema kweli
19:06  Mzee Nyumba  ulisema hivyo wiki iliyopita
19:06  Mwenye simu  teh
19:07  Mzee Nyumba  isipokuwa ijumaa unafungasha virago unaenda
19:31  Mwenye simu  [akinukuu ujumbe wa Mzee Nyumba wa 19:07]
                    haya
```

"Ijumaa" nimeianza kwa herufi ndogo kwa kuwa wao hawakujali herufi kubwa, na virago nimevileta mimi; kirago ni mkeka wa msafiri, na mtu anayefukuzwa huondoka na mkeka wake. Ukiona vimezidi, andika "unafunga mizigo unaenda", nami sitagombana nawe.

Skrinshoti? Mimi huandika "picha ya skrini". Lakini jana mjukuu wangu aliniambia, "Babu, nitumie skrinshoti," na nikaituma.