Chati ya uidhinishaji wa ankara: chora kwanza mshale unaorudi nyuma

Swali: "Nimepewa kazi ya kuchora chati mtiririko ya uidhinishaji wa ankara ofisini kwetu ili tujue malipo yanachelewa wapi. Mwongozo wa fedha ninao na hatua zote zimeandikwa humo, kwa hiyo nadhani nitamaliza wiki hii. Nitumie programu gani, na je, kila idara niipe rangi yake?"

Ndugu, ufunge huo mwongozo kwanza. Ukichora kutoka humo utapata chati safi, iliyonyooka kutoka kupokea ankara hadi kulipa, na haitakuonyesha hata siku moja ya ucheleweshaji, kwa sababu mwongozo hueleza safari ya ankara isiyo na kasoro, na ankara ya namna hiyo haichelewi.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ndivyo tulivyofanya sisi. Mshauri elekezi aliyelipwa kutuongoza alitukalisha kwenye chumba cha mikutano pamoja na wakuu wa idara, akasoma mwongozo hatua kwa hatua, na kila hatua ikawa mstatili. Hakuna karani wa mapokezi aliyeitwa, wala mtunza stoo, wala mhasibu anayezishika ankara zenyewe. Mwishoni alionyesha hatua yenye saini nyingi, yaani idhini ya meneja wa fedha, akasema hapo ndipo penye msongamano. Tukabadilisha viwango vya mamlaka ili ankara ndogo zisimfikie meneja, taratibu zikaandikwa upya, watu wakafundishwa, na wauzaji wakaendelea kulipwa kwa kuchelewa kama zamani. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba mtu wa taaluma hiyo alipaswa kujua kwamba wingi wa saini hauonyeshi mahali ankara inapolala.

Ukweli tuliupata baadaye, tulipochukua ankara zilizokwisha kulipwa na kuzifuata moja moja kwa tarehe. Nitakueleza mmojawapo wa mikasa hiyo. Ankara ya katoni 50 iliingia kwa barua pepe tarehe 3 na kusajiliwa tarehe 6. Tarehe 7 mhasibu aliilinganisha na oda ya ununuzi na hati ya kupokelea bidhaa, akakuta hati inaonyesha katoni 40 tu, akairudisha idara ya ununuzi. Ofisa ununuzi aliifungua tarehe 13. Stoo wakamjibu tarehe 14 kwamba katoni 10 zilizobaki zililetwa kwa safari ya pili, na hati yake ipo, ila haikupelekwa uhasibuni. Tarehe 15 ankara ikarudi kwa mhasibu, lakini haikurudi mahali pake; iliwekwa nyuma ya ankara mpya zote zilizokuwa zikimsubiri, ikakaguliwa tena tarehe 20. Mkuu wa idara aliidhinisha tarehe 22, meneja wa fedha tarehe 23, na ikalipwa tarehe 28, siku ya malipo.

Hesabu mwenyewe. Ni siku 25, na kazi halisi iliyofanywa na watu wote hao haifiki saa mbili. Meneja tuliyemlaumu aliishika siku moja. Safari ya kurudi nyuma, pamoja na foleni ya pili kwa mhasibu, ilikula siku 13, ambazo ni zaidi ya nusu, na kwenye chati ya mshauri safari hiyo haikuwepo kabisa, kwa kuwa kila alama ya uamuzi, yenye umbo la almasi, ilikuwa na "ndiyo" inayosonga mbele na "hapana" iliyoishia hewani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja: hakuna "hapana" inayoruhusiwa kuachwa bila mtu wa kuipokea. Usimuulize mhasibu utaratibu ukoje, maana atakujibu kwa maneno ya mwongozo. Muulize ankara ya mwisho aliyoikataa aliipeleka kwa nani, kwa njia gani, na iliporudi aliiweka wapi. Majibu hayo ndiyo mishale yako. Kila mshale unaorudi uandike ni ankara ngapi katika kila 100 za sampuli yako zinazoupita, na zinachukua siku ngapi hadi zirejee. Kurudi kwa ankara 3 kunaweza kuvumilika. Zikiwa 30, hapo ndipo pa kufanyia kazi kabla ya kugusa saini ya mtu yeyote.

Kusubiri nako kuchorwe kama hatua inayojitegemea, kusifichwe ndani ya mshale. Wahandisi mitambo wa Marekani, katika kiwango chao cha chati za mchakato cha mwaka 1947, waliupa ucheleweshaji alama yake yenyewe, umbo la herufi D, kando na alama za kazi, ukaguzi, usafirishaji na uhifadhi. Itumie. Ukiweka D kabla ya kila mstatili na kuandika siku ndani yake, hata mkurugenzi asiyejua chati ataona kwamba mistatili ni saa chache na muda wote uliobaki umo ndani ya hizo D.

Tahadhari kubwa ni tarehe unazozichukua kwenye mfumo. Mfumo wetu ulikuwa unahesabu siku tangu ankara iliposajiliwa, na ankara iliyokataliwa ilifutwa kisha ikasajiliwa upya iliporudi. Ankara niliyoieleza ilionekana kwenye ripoti kuwa imechukua siku 13, kuanzia tarehe 15 hadi 28. Siku 12 za mwanzo zilifutika pamoja na usajili wa kwanza, na ndiyo maana ripoti za kila mwezi zilipendeza huku wauzaji wakilalamika. Utalitambua tatizo hili ukilinganisha tarehe ya barua pepe ya muuzaji, au muhuri wa mapokezi, na tarehe ya usajili. Zikipishana sana kwenye ankara nyingi, usiiamini saa ya mfumo, anza kuhesabu na barua pepe. Chukua pia sampuli kutoka kwenye ankara zote zilizolipwa katika kipindi kimoja, zilizowahi na zilizochelewa. Ukichukua zile za malalamiko peke yake, kila kona itaonekana mbovu.

Pale ambapo tarehe hazipatikani, hesabu rundo. Ikiwa mezani kwa mtu kuna ankara 60 na kwa kawaida hushughulikia 12 kwa siku, inayoingia leo itangoja takriban siku 5, mradi rundo halikui wala kupungua. Hata hivyo usikimbilie kusema mwenye meza ndiye mzembe. Fungua hilo rundo uone ngapi zinamsubiri yeye, na ngapi zinasubiri karatasi kutoka kwa mwingine. Kwa mhasibu wetu sehemu kubwa ya rundo ilikuwa inangoja hati za stoo, na kumwongezea msaidizi kusingeleta hati hata moja. Tofautisha pia kungoja kwa namna hii na kungoja siku ya malipo, kama zile siku 5 za mwisho kwenye mfano wangu, kwa sababu hizo zinatokana na ratiba iliyowekwa kwa makusudi, na hubadilishwa kwa kubadilisha ratiba tu.

Sisi hatimaye tulibadilisha kitu kimoja: nakala ya hati ya kupokelea bidhaa ikawa inapelekwa uhasibuni siku ileile mzigo unapoingia stoo, hata kama mzigo haujakamilika, ikiwa na namba ya oda juu yake. Ankara zinazopita mshale wa kurudi zikapungua, na rundo la mhasibu likafuata. Kwa hiyo kabla ya kufungua programu yoyote, nenda stoo, uulize hati ya mzigo wa jana iko wapi sasa.