Sandukuni kuna milioni mbili na laki nane. Tukopeshe ngapi?

"Tuko wanachama 25, wiki ya 20 ya mzunguko. Sandukuni kuna 2,800,000 na maombi ya mikopo yamefika hiyo hiyo 2,800,000. Tugawe?" (Mweka hazina, Morogoro)

Msigawe. Kabla ya kuuliza mkopeshe ngapi, mngejiuliza kwanza pesa hizo ni za mfuko gani. Niliomba picha za daftari, na kwa ruhusa ya kikundi naweka hesabu yao hapa, ili nyinyi mnaoniandikia swali hili kila mwezi mlisome mara moja liishe.

Tangu waanze wameuza hisa 1,360 za shilingi 5,000, yaani 6,800,000. Riba iliyokwisha kulipwa ni 640,000 na faini ni 85,000. Wametumia 145,000 kwa madaftari, kufuli jipya, nauli za mweka hazina na makato ya benki. Mikopo iliyo mikononi mwa watu, bila kuhesabu riba yake, ni 4,900,000. Jumlisha zilizoingia, toa zilizotoka, unabaki na 2,480,000. Hizo ndizo pesa za mfuko wa mikopo zilizomo sandukuni.

Hiyo 320,000 iliyozidi ni ya mfuko wa jamii: elfu moja ya kila mtu kila wiki, baada ya kutoa rambirambi na pole za wagonjwa. Si ya kukopesha. Siku mwenzenu akifiwa hamwezi kumwambia asubiri marejesho ya mama wa genge. Tatizo ni kwamba noti hazina majina; zikilala pamoja, mkutano unaziona zote ni za mkopo. Ndiyo maana vikundi vilivyofundishwa vizuri huwa na mifuko miwili ya kitambaa yenye rangi tofauti ndani ya sanduku, na kila mmoja huhesabiwa peke yake kwa sauti, kila mtu akisikia.

Tumebaki na 2,480,000. Toa 30,000 ya gharama za mwezi unaokuja. Halafu akiba, na hapa wengine watanipinga. Walimu wengi wa vikundi vinavyovunja sanduku kila mwaka hawadai akiba kabisa. Wanafundisha kwamba pesa zote zitoke, kwa sababu pesa iliyolala haizai, na sanduku tupu haliibwi. Wana hoja, na kikundi ambacho watu wanalipa kwa wakati kinaweza kuwafuata. Hiki hakilipi kwa wakati. Katika ile 4,900,000 iliyo nje, 600,000 imepita tarehe kwa zaidi ya mwezi. Kwa hiyo nimewaambia wabakize fungu la kumi la thamani ya mfuko wote. Thamani ni 2,480,000 za mkononi pamoja na 4,900,000 za nje, yaani 7,380,000, na fungu lake la kumi ni 738,000.

Msinielewe vibaya kuhusu akiba hiyo. Haifuti hasara. Laki sita zikipotea, zimepotea, na kila hisa italia kidogo. Kazi ya akiba ni kuwawezesha kumlipa anayehama, na kuendelea kukopeshana hata kama marejesho ya mwezi huu yatachelewa.

Toa 30,000 na 738,000 kutoka 2,480,000, inabaki 1,712,000. Kopesheni 1,700,000. Maombi ni makubwa kuliko hapo, kwa hiyo yapunguzwe mbele ya wote: anzeni na wasio na mkopo, wenye marejesho mazuri wafuate, na mwenye deni lililopita tarehe asipewe hata mia. Nimeangalia orodha ya maombi yenu, na wawili kati ya wanaodaiwa wanaomba mkopo mpya. Huko ni kulipa deni kwa deni, na daftari litaonekana safi mpaka siku ya mgao.

"Riba yetu ni asilimia 10 kwa mwezi na tumekopesha milioni tatu. Tuandike laki tatu kwenye bajeti ya mwezi ujao?" (Katibu, Tanga)

Andikeni iliyolipwa. Inayodaiwa iwe na safu yake, na isikopeshwe wala kutumika.

"Katiba inasema mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake. Nina laki nne, nimeomba milioni moja na laki mbili, nimepewa laki saba. Hii si dhuluma?" (Msomaji, Temeke)

Mara tatu ni kikomo, si haki yako. Pesa za mfuko ni hisa zenu wenyewe na faida kidogo. Kila mmoja akidai mara tatu ya alichoweka, nyingine mbili ataziweka nani? Mfumo huu unakwenda kwa sababu wiki hii wewe unakopa na mwenzako hakopi. Laki saba ni karibu mara mbili ya pesa yako, tena kwa wadhamini wanaokufahamu mpaka nyumbani. Zipokee.

"Kikundi chetu kimesajiliwa kwa mtendaji wa kata tu. Inatosha?" (Bila jina, Dodoma)

Haitoshi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi vya kijamii daraja la nne, na usajili wake uko halmashauri. Nimelijibu hili mpaka nimechoka.

"Viongozi wamependekeza tununue vitenge vya sare kwa ajili ya Siku ya Wanawake, elfu 25 kila mmoja, pesa itoke kwenye faida. Wanasema ni gharama za uendeshaji. Ni sawa?" (Mwanachama, Moshi)

Nilikuwa nalisubiri swali hili. Kitenge si gharama ya uendeshaji. Gharama ya uendeshaji ni kitu ambacho kikikosekana, mkutano wa wiki ijayo haufanyiki au hesabu haziandikiki: daftari, kalamu, kufuli, nauli ya kwenda benki, makato ya akaunti, kukodi viti. Kikundi kinaimba na kukopeshana vizuri tu bila sare.

Turudi kwa wale wa Morogoro, kwa kuwa namba zao tunazo. Thamani ya mfuko ni 7,380,000 na hisa ni 1,360, kwa hiyo hisa iliyonunuliwa kwa 5,000 leo ina thamani ya 5,426. Faida yao yote ya wiki 20 ni hizo 426. Wanunue vitenge 25 vya elfu 25, zitoke 625,000. Mfuko unashuka hadi 6,755,000, na hisa inakuwa 4,967. Mtu aliweka elfu tano, na sasa hana hata hiyo elfu tano. Mkopo wa laki sita ukipotea kabisa, hisa ingeshuka hadi 4,985. Yaani vitenge vimekiumiza kikundi kuliko mdaiwa sugu, na vitenge vimepigiwa makofi.

Kuna dhuluma nyingine ndani yake isiyoonekana upesi. Vitenge vinagawiwa sawa, lakini faida hailiwi sawa. Anayenunua hisa tano kila wiki ana hisa 100. Manunuzi hayo yanamkata karibu 46,000. Anayenunua hisa moja ana hisa 20. Yanamkata kama 9,200. Wote wamevaa kitenge cha elfu 25. Mwenye hisa nyingi amemnunulia jirani yake nguo bila kujua, halafu mwaka unaofuata mnashangaa kwa nini ananunua hisa mbili tu.

Mkitaka sare, kila mtu alete elfu 25 yake mfukoni. Gharama za kweli ziwekewe kiwango cha shilingi mwanzoni mwa mzunguko, kiandikwe, na zilipwe kwanza kutoka faini na ada za kujiunga. Zikipungukiwa ndipo riba iguswe. Pesa za hisa hazinunui hata kalamu. Wa Morogoro wametumia 145,000 na faini ni 85,000, kwa hiyo 60,000 zimekula riba. Zinavumilika. Ila nilipouliza hizo nauli za mweka hazina ni za safari ngapi, mpaka leo sijajibiwa.

Na posho za vikao kwa viongozi? Sitaki hata kuzisikia. Kiongozi ananunua hisa na kula faida kama wengine.

"Riba ya kikundi ni halali kidini? Tukiiita ada ya huduma je?" (Msomaji, Zanzibar)

Muulize sheikh wako. Mimi ni mtu wa madaftari, na kwenye daftari kubadilisha jina hakubadilishi namba.

"Mwenzetu anahamia Mwanza wiki ya 26. Anataka hisa zake na faida yake. Hana mkopo." (Mwenyekiti, Kibaha)

Someni katiba yenu kabla ya kuniandikia mimi. Katika vikundi vingi anayeondoka katikati hurudishiwa alichoweka, bila faida, kwa sababu faida haijakamilika: mikopo iliyoizaa bado iko nje na mingine huenda isirudi. Kama katiba iko kimya, amueni hivyo na muandike, mzunguko ujao isiwe ugomvi. Pesa yake itoke kwenye akiba. Kama hamna akiba, asubiri marejesho, aambiwe tarehe, na msimtoe kwenye orodha mpaka alipwe.

"Mzunguko ni wiki 48 na mikopo yetu ni ya miezi mitatu. Tuache kukopesha lini? Mwaka jana siku ya mgao watu tisa walikuwa bado wanadaiwa." (Mhesabu fedha, Singida)

Hesabuni kurudi nyuma. Mgao ni wiki ya 48. Pesa zote ziwe zimerudi wiki ya 44, ili mpate mwezi mmoja wa kuwafuata wachelewaji na kukata hisa zao inapobidi. Mkopo wa miezi mitatu ni kama wiki 12, kwa hiyo wa mwisho utoke wiki ya 32. Baada ya hapo toeni ya miezi miwili mpaka wiki ya 36, kisha ya mwezi mmoja mpaka wiki ya 40, halafu basi. Bajeti ya mikopo haiwi namba moja mwaka mzima. Inapanda, inafika kilele katikati ya mzunguko, kisha mnaishusha wenyewe kwa makusudi. Kikundi kinachokopesha wiki ya 43 kwa kiwango cha wiki ya 20 kitagawana madeni siku ya mgao.

Ubaya wake ni kwamba wiki hizo za mwisho ndizo sanduku linanenepa, na mtaa wote unajua mnavunja Desemba. Msilale nazo. Zipelekeni kwenye akaunti ya kikundi kila baada ya mkutano, waende watu watatu, na tarehe ya kuzitoa isitajwe kwenye kundi la simu.

"Wa kusaini benki wawe wangapi?" (Huyo huyo, Singida)

Watatu, na wasitoke ukoo mmoja.