Maji yenye dawa lakini vyombo bado si salama

SWALI: Mtaalam, nauza nyama ya kuchoma na saladi barabarani. Semina ya usafi walituambia tutie klorini kwenye maji ya kuoshea vyombo na natia kila siku, mbona wateja bado wanalalamika tumbo?

JIBU: Ndugu yangu, naona hapo una ndoo moja inayofanya kazi zote, na klorini ikikutana na mafuta na mabaki ya chakula inaisha nguvu haraka sana, yaani visu vyenye mafuta vikishapita humo hayo maji yanaweza kubaki na harufu ya dawa ila kazi hayafanyi. Kwa hiyo harufu isikudanganye.

Tumia ndoo tatu. Kwanza kwangua mabaki yote, halafu osha kwa sabuni, ndoo ya pili suuza povu liishe, ndoo ya tatu ndo ya dawa. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, vijiko viwili vikubwa vya chakula kwenye lita 10 za maji safi vinatosha, chagua isiyo na manukato. Vyombo vizame kabisa angalau dakika moja au mbili halafu vikauke vyenyewe kwa hewa, usivifute na kile kitambaa cha begani maana unarudisha ulichotoa. Maji ya dawa yakianza kuwa na ukungu au mafuta yanaelea juu, mwaga, changanya mengine. Na usichanganye dawa hiyo na siki wala ndimu, inatoa gesi mbaya.

Ila kusema kweli mimi nashuku zaidi kisu na ubao. Fuatilia safari yake: unakata nyama mbichi, unapangusa kisu na kitambaa, mteja anafika, unakata nyanya na kisu kilekile juu ya ubao uleule. Nyama itapita motoni vijidudu vife, nyanya haipiti popote, inaenda moja kwa moja kwenye sahani ya mtu. Ndo maana mara nyingi mteja anailaumu nyama kumbe aliyemuumiza ni saladi. Tenga ubao na kisu cha mbichi, vitie alama ya rangi hata kwa utepe, na kama huna viwili basi kata saladi kwanza asubuhi, funika, ndo ushike nyama. Koleo la kugeuzia mbichi lisitoe iliyoiva, na ile sosi uliyolowekea nyama mbichi usiipake kwenye iliyoiva mpaka uichemshe.

Kwenye boksi la barafu mbichi ikae chini kwenye chombo chenye mfuniko, saladi juu, maana maji ya nyama yanashuka, hayapandi. Barafu hiyo usiweke kwenye vinywaji vya wateja. Iliyoiva nayo ikae kwenye moto, zaidi ya nyuzi 60, ikishakaa mezani imepoa zaidi ya saa mbili usiirudishe jikoni kuipasha, kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauzitoi.