Mshenga wako ni muongo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi friji hapa Tanga, nina miaka 36. Nimejiunga na programu ya wachumba, nimeweka picha sita. Ya kwanza nimevaa suti nimeegemea prado. Zote ni zangu kabisa, nimezisafisha kidogo tu. Wanaoniandikia ni wachache. Juzi dada mmoja alikubali tuonane, akanitazama, akanywa nusu ya soda, akasema mama yake anaumwa. Wanawake wa leo wanataka pesa tu. Niweke picha gani mbele ili nivutie?*
*Fundi, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hiyo soda. Pole yenyewe imeishia hapo, maana mimi niko upande wa yule dada.

Wanataka pesa tu, eti. Nani aliyetanguliza prado? Tena hukusema ni lako, na mwanamume mwenye gari husema. Ulitangaza gari, akaja mtu wa gari, akakuona unashuka kwenye bajaji. Na hilo "kidogo tu" limenikwama kooni. Filta ya simu hung'arisha ngozi, huchonga taya, hufuta makovu. Dada wa watu alikaa pale anamtafuta yule wa kwenye simu, hakumwona. Na suti ni ya harusi ya nani, mwaka gani? Nahisi wakati huo nywele za utosini zilikuwa bado zipo.

Zamani posa ilipelekwa na mshenga, na upande wa pili walituma mtu kuuliza mtaani: anafanya kazi, anakunywa, ana mke mwingine Pangani? Siku hizi ndoa zinaanzia kidoleni, mtu anapitisha nyuso kama anayechambua mchele. Mshenga ni picha, na hakuna jirani wa kumsahihisha. Basi mtume mshenga mkweli.

Picha ya kwanza huonekana ndogo, na hutazamwa kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo iwe ya uso wako, peke yako, bila miwani ya jua wala kofia, kuanzia kifuani kwenda juu. Ukijiweka katikati ya rafiki wanne, mtu atamchagua aliyesimama kushoto.

Usijipige mwenyewe. Simu ikiwa karibu na uso, kiasi cha sentimita 30, pua hutanuka na masikio hurudi nyuma. Kosa si la pua yako, ni la umbali. Mpe mwanafunzi wako wa kazi simu, asimame kama mita moja na nusu, atumie kamera ya nyuma. Mchana wa saa sita jua la Tanga liko utosini, linakuchimbia mashimo machoni. Piga saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni, kwenye kivuli cha baraza, uso ukitazama nje kwenye mwanga.

Sasa usijepanga tena! Ukishika spana mpya inayometameta huku ovaroli imepigwa pasi, tutajua. Fanya kazi yako kweli, ongea na kijana, naye apige picha hata 40 bila kukwambia "tabasamu". Ile uliyoinua kichwa kumjibu, jicho limecheka kabla ya mdomo, ndiyo ya kwanza. Bango lenye namba ya simu lisionekane nyuma.

Kuchagua usichague wewe. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliona kwamba picha tunazojichagulia wenyewe haziwapendezi wageni kama zile tulizochaguliwa na watu tusiowafahamu. Wewe umezoea sura ya kwenye kioo, kulia kuwa kushoto. Mtafute mwanamke asiyekujua, labda shoga ya dada yako, mwonyeshe tano, kila moja kwa sekunde moja, umuulize: huyu ni mtu wa namna gani? Akisema "anajidai", futa. Akisema "anaonekana mcheshi", umeipata.

Ya pili iwe ya mwili mzima, ya mwaka huu, na kitambi chako kiwepo. Hiyo ndiyo inayozuia mama za watu kuugua ghafla. Ya tatu uwe na watu, mpirani au kwenye kahawa, ila ujulikane ni yupi. Suti naipenda, isifutwe. Iweke ya nne, uandike chini yake ni harusi ya nani na mwaka gani. Nne zinatosha, kwani hizo mbili zilizobaki ndizo atakazokuhukumia. Prado lirudi kwa mwenyewe.

Yule dada usimwandikie tena kumlaumu. Lakini niambie jambo moja, fundi: ile soda aliilipa nani?