Pikseli ya Fuwele za Kimiminika: Ufuate Mwanga Tabaka kwa Tabaka

Kwa kuwa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika maabara ya fizikia, nimeona kwamba wengi hufika wakiamini kuwa fuwele za kimiminika ndizo zinazozuia mwanga, kana kwamba ni pazia linalofungwa umeme ukiwashwa. Ushauri wangu wa kwanza ni kuiacha picha hiyo kabisa. Fuwele zenyewe ni angavu wakati wote, umeme uwepo au usiwepo. Kazi yao ni kuugeuza mwelekeo ambao mwanga unatikisika, na wanaoamua kama mwanga upite au usipite ni vichujio viwili vya polaraiza vilivyo mbele na nyuma yake. Mwanafunzi akilishika hilo, mengine yote huja kwa kufuata hatua.

Chukua karatasi, uchore matabaka kwa mpangilio wake, na baada ya kila tabaka uandike mwanga unatikisika kuelekea wapi. Nitaeleza pikseli ya aina ya kwanza kuenea, ile yenye msokoto wa nyuzi 90, iliyobuniwa na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich katika kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, mwaka 1970. Mwanga wa taa ya nyuma hutikisika pande zote. Polaraiza ya kwanza, tuseme ni ya wima, hupitisha sehemu inayotikisika wima tu, kwa hiyo hata katika hali bora kabisa nusu ya mwanga imekwisha kupotea hapo. Kisha mwanga huingia kati ya vioo viwili vilivyoachana kwa mikromita chache. Kila kioo kimepakwa utando mwembamba wa plastiki uliosuguliwa kuelekea upande mmoja, na molekuli za fuwele, ambazo ni ndefu na nyembamba, hulala kwa kuufuata msuguo huo. Kioo cha kwanza kimesuguliwa wima na cha pili mlalo, hivyo molekuli zilizo katikati hulazimika kugeuka kidogo kidogo kutoka kioo kimoja hadi kingine. Mwanga hugeuka pamoja nazo, hutoka ukitikisika mlalo, hukutana na polaraiza ya pili ambayo nayo ni ya mlalo, na kupita. Pikseli inang'aa, ilhali hakuna umeme wowote.

Sasa weka volteji kati ya vioo, kupitia tando angavu zinazopitisha umeme. Molekuli za katikati huinuka na kusimama kuufuata uga wa umeme, yaani kutoka kioo hadi kioo, na msokoto huvunjika. Mwanga ulioingia wima hautageuzwa tena, utatoka wima, na polaraiza ya mlalo itaumeza. Pikseli inakuwa nyeusi. Zingatia kwamba umeme haukuugusa mwanga. Uliondoa tu kilichokuwa kikiugeuza.

Haya yote unaweza kuyaona kwa macho katika kikokotoo kibovu cha bei nafuu, na ninamshauri kila mwanafunzi afanye hivyo kabla ya kusoma milinganyo. Bandua kwa uangalifu karatasi nyembamba ya kijivu iliyo juu ya kioo cha namba, ukichunga kioo kisipasuke, kisha kiwashe na ubonyeze namba yoyote. Hutaona kitu, ingawa umeme unafika na molekuli zinasimama kama kawaida, kwa sababu umeondoa polaraiza iliyokuwa ikiufanya mgeuko uonekane. Irudishe karatasi ile juu ya kioo na namba zitarejea, nyeusi juu ya kijivu. Izungushe nyuzi 90, nawe utaona usuli wote ukiwa mweusi na namba ziking'aa. Ukiweza kueleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini zimebadilishana, umeielewa pikseli.

Swali ambalo wanafunzi makini huuliza ni hili: je, mwanga hufuata msokoto kila mara? Jibu ni hapana, na hapa ndipo unene wa tabaka unapokuwa na maana. Mwanga unaotikisika kuufuata urefu wa molekuli huwa na kipeo mpindo tofauti na ule unaotikisika kukatiza urefu huo. Ita tofauti hiyo Δn, unene d, na urefu wa wimbi λ. Sehemu ya mwanga isiyogeuzwa ipasavyo, ambayo huishia kwenye polaraiza ya pili, ni:

```
u = 2dΔn/λ
T = sin²[(π/2)√(1+u²)] / (1+u²)
```

Tuchukue Δn ya 0.1 na mwanga wa kijani wa nanomita 550. T huwa sifuri kwa mara ya kwanza pale u inapokuwa √3, na hilo linatoa unene wa karibu mikromita 4.8. Kwa unene huohuo, mwanga wa buluu wa nanomita 450 hupoteza karibu asilimia 5, na mwekundu wa nanomita 650 karibu asilimia 3.5, hasara hizo zinavumilika. Lakini kioo kikibanwa hadi mikromita 3, u hushuka hadi 1.09, na karibu robo ya mwanga wa kijani haipiti tena. Ndiyo sababu ukibonyeza skrini ya namna hii kwa kidole huona doa la rangi likitanda kuzunguka kidole: umebadilisha unene, na kila rangi imeathirika kwa kiasi chake.

Volteji nayo ina tabia ya kuangaliwa kwa makini. Chini ya kiwango fulani, ambacho kwa fuwele nyingi ni kati ya volti 1 na 2, molekuli hazisogei kabisa, kwa kuwa ukinzani wa msokoto unaushinda uga wa umeme. Juu ya hapo huinuka taratibu, na kijivu cha picha hutokana na molekuli zilizoinuka nusunusu. Kwa kuwa molekuli hizo zimelalia upande mmoja, anayetazama kutoka chini na anayetazama kutoka juu hawaoni kijivu kilekile, na huo ni udhaifu wa aina hii ambao volteji pekee haiuondoi. Jambo jingine ni kwamba volteji hugeuzwa chanya na hasi mara kwa mara. Molekuli husimama vilevile kwa pande zote mbili, lakini umeme wa upande mmoja ungesukuma ayoni kwenye kioo kimoja na hatimaye kuiharibu fuwele.

Mwisho, jaribu hoja yako kwenye joto. Fuwele ikipita kiwango chake cha joto hugeuka kimiminika cha kawaida, na molekuli zake hazina tena mpangilio wowote. Katika skrini niliyoieleza, sehemu yote iliyopata joto itakuwa nyeusi hata bila umeme, kisha itarudi kung'aa ikipoa. Ikibaki nyeusi baada ya kupoa, tafuta hitilafu mahali pengine. Na kama mtihani utakuuliza kuhusu skrini ambayo polaraiza zake zote mbili ni za wima, usikariri jibu hilo, fuata mwanga: unaingia wima, haugeuzwi, unakuta kichujio cha wima, na sehemu iliyopata joto inang'aa.