Mkoromo wa simu kwenye rekodi: kwa nini Noise Reduction humkondesha msemaji

*Fundi, nilimrekodi babu yetu hapa Ujiji akisimulia kazi yake ya melini, dakika 48. Kitochi chake kilikuwa mezani karibu na rekoda, na mara kwa mara inasikika "ti-ti-ti-ti". Kisha alipopigiwa, ukatokea mkoromo mrefu. Kijana mmoja wa studio alipitisha Noise Reduction mara tatu. Mkoromo umepungua, lakini babu sasa anasikika kama yumo ndani ya debe. Nifanyeje?*

Ndugu, tafuta kwanza faili la awali lililobaki kwenye rekoda. Nakala iliyopita mikononi mwa kijana huyo imekwisha kupoteza "s", "sh" na "f" za babu, na kuongeza treble hakutazirudisha. Kutapandisha mchakacho tu.

Karibu kila wiki naletewa hapa Kigoma rekodi iliyoharibiwa namna hii na mtu aliyejisifu kwamba anasafisha kila kitu kwa dakika tano. Noise Reduction hukariri ukubwa wa kelele katika kila ukanda wa masafa, kisha hupunguza chochote kisichozidi kiwango hicho. Inafaa kwa feni, ambayo huvuma vilevile muda wote na kwa sauti ndogo kuliko usemi. Simu ya 2G, kama kitochi cha babu, haifanyi hivyo. Hurusha mawimbi kwa mapigo mafupi: pigo la milisekunde 0.577, kisha kimya, kisha pigo jingine, kila baada ya milisekunde 4.615, na nyaya za rekoda huyadaka. Hayo ni mapigo kama 217 kwa sekunde, nayo huzaa mistari ya sauti kwenye hezi 217, 433, 650 na kuendelea kwa hatua hiyohiyo hadi maelfu, yaani katika eneo lote la usemi. Anayeiambia programu ipunguze kila ukanda wenye mkoromo ameiambia impunguze na babu.

Zile "ti-ti-ti-ti" fupi zishughulikie kwa mkono. Kuza picha ya wimbi katika Audacity mpaka uone vijiti vilivyosimama kwa umbali sawa: kwa rekodi ya sampuli 44100 kwa sekunde, kila kijiti kina upana wa sampuli kama 25, na kutoka kimoja hadi kingine ni kama 203. Katikati yake babu yuko mzima, hajaguswa. Chagua kijiti kimoja kimoja na utumie Repair, ambayo hukubali hadi sampuli 128 kwa mara moja.

Mkoromo wa dakika nzima una mapigo elfu 13, kwa hiyo mkono hautoshi. Geuza rekodi iwe mono, chagua sehemu yenye mkoromo pekee, fungua Nyquist Prompt, dirisha la Audacity la kuandikia amri, na uandike:

```
(let ((s *track*))
  (dotimes (k 20 s)
    (let ((f (* 216.667 (+ k 1))))
      (setf s (notch2 s f (/ f 8.0))))))
```

Kila mstari unachongwa kwa upana wa hezi 8 tu kati ya hezi 217, na sauti ya binadamu, ambayo hupanda na kushuka kila wakati, huvuka mfereji mwembamba kama huo bila msikilizaji kugundua. Wengi huharibu hapa kwa kuweka Q moja, yaani hezi za mstari zikigawanywa kwa upana wa mfereji, tuseme 30, kwa mistari yote. Kwenye hezi 4333 mfereji huo unakuwa na upana wa hezi 144, na debe linarudi kwa mlango mwingine.

Ili kujua kama umezidisha, geuza nakala iliyosafishwa kwa Invert na uichanganye na ya awali, ili ubaki na kile ulichokiondoa. Ukiweza kufuata maneno ya babu humo, umekata mno. Utabakiwa na mtetemo hafifu, kwa sababu katika maongezi simu huruka pigo moja katika kila 26 na mkoromo hausimami kwenye mistari hiyo tu. Uache. Ukiufuata, utaanza tena kumkata babu.

Na ninyi wengine mnaojiandaa kurekodi wazee, kuizima simu sauti hakusaidii hata kidogo, kwa maana kinachoingia kwenye rekoda ni mawimbi ya redio, si mlio wa spika. Kijijini, ambako mnara uko mbali, simu hurusha kwa nguvu zaidi, hadi wati 2 kwenye masafa ya megahezi 900, na hata bila kupigiwa huwasiliana na mnara yenyewe mara kwa mara. Izimeni kabisa au ipelekeni chumba kingine, pamoja na kitochi cha mzee kilichomo mfukoni mwa koti, ambacho hakuna anayekumbuka kukiulizia.